Siku tatu za kila mwezi wa mvua

Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, ni nchi ya wafugaji yenye msimu mmoja mrefu wa mvua. Mvua huanza kushika mwezi wa Aprili au Mei, na kukatika kati ya Septemba na Oktoba. Katika miezi hiyo madimbwi hujaa, mbu wa anofelesi huzaana, na vituo vya afya hupokea watoto wenye homa kwa wingi usiolingana na miezi ya kiangazi. Malaria ya huko haitoweki kabisa wakati wa ukame, lakini ina majira yake, na majira hayo yanajulikana.

Mwaka 2021, katika wilaya za Moroto na Kotido, ilianza kutumika njia ambayo hapo awali ilikuwa ya Afrika Magharibi na nchi za Saheli. Kila mtoto wa miezi 3 hadi 59 ambaye haumwi hupewa dawa kamili ya malaria mara moja kwa mwezi, mwezi baada ya mwezi, mpaka mvua zipite. Karamoja waliamua raundi ziwe tano, kuanzia Mei hadi Septemba. Wataalamu huiita kinga ya malaria ya msimu kwa dawa.

Mzazi anayeisikia kwa mara ya kwanza huuliza swali la haki kabisa: kwa nini mtoto mzima apewe dawa? Jibu lake liko katika safari ya kimelea chenyewe. Mbu akimuuma mtoto, vimelea haviingii moja kwa moja kwenye chembe nyekundu za damu. Kwanza huenda kwenye ini, na huko hukaa karibu wiki nzima vikiongezeka bila mtoto kuonyesha dalili yoyote. Ndipo hutoka kwa maelfu na kuivamia damu, na hapo homa huanza. Dawa hizi hazizuii mbu kuuma, na hazitegemewi kuua vimelea vilivyo ndani ya ini. Kazi yake ni kuwa damuni tayari siku vimelea vinapotoka, viuawe kabla ya kuzaana kiasi cha kumwangusha mtoto. Pia husafisha vile vichache ambavyo huenda tayari vimo mwilini bila kujulikana.

Dawa zenyewe ni mbili na hupewa pamoja. Ya kwanza ni SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini katika kidonge kimoja. Akina mama wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu, maana ndiyo wanayomeza kliniki wakiwa wajawazito ili kukinga malaria, na wazee wanaikumbuka kwa jina la Fansida. Ya pili ni amodiakwini, kidonge kichungu cha rangi ya njano. SP hupewa mara moja tu kwa mwezi. Amodiakwini hupewa siku tatu mfululizo. Tofauti hii ndiyo inayosahaulika upesi majumbani, nami naona ndiyo inayostahili kuelezwa kwa utulivu kuliko jambo lingine lolote katika mpango huu.

SP hutoka mwilini polepole sana. Dozi moja huacha dawa damuni kwa wiki kadhaa, kwa hiyo hakuna haja ya kuirudia siku ya pili. Amodiakwini hufanya kazi kwa namna nyingine. Ikishaingia tumboni, ini huigeuza haraka kuwa kemikali nyingine, na kemikali hiyo ndiyo inayoua vimelea na kubaki damuni kwa muda mrefu. Kiasi chake hujengwa kwa hatua: kidonge cha siku ya kwanza huanzisha, cha pili huongeza, cha tatu hufikisha pale panapotakiwa. Tena kimelea cha malaria aina ya falsiparamu huchukua takriban saa 48 kukua na kuzaana ndani ya chembe ya damu, na si kila hatua ya ukuaji wake hudhurika sawasawa. Dozi za siku tatu huvikuta vimelea katika hatua zote za mzunguko huo. Mtoto aliyeishia siku ya kwanza amepata theluthi moja tu ya amodiakwini yake. Siku zinavyopita kiasi kilichomo damuni hushuka mapema, na wiki ya tatu au ya nne huwa hana kinga aliyodhaniwa kuwa nayo.

Wapimaji wa mpango huu waliangalia jambo hilo kwa ukubwa katika nchi tano za Afrika Magharibi na Kati, miaka ya 2015 na 2016: Burkina Faso, Chadi, Gambia, Mali na Nigeria. Walilinganisha watoto waliougua malaria na wenzao wa kijiji hichohicho ambao hawakuugua, wakaangalia nani alipewa dawa na lini. Katika siku 28 za kwanza baada ya dawa, kinga ilifika takriban asilimia 88. Kuanzia siku ya 29 hadi ya 42 ilishuka hadi karibu asilimia 61. Ndiyo sababu raundi hurudi kila baada ya siku 28. Ikichelewa kwa wiki mbili, watoto wa kijiji kizima huwa wamepungukiwa na kinga kwa wakati mmoja, na mara nyingi hiyo ndiyo wiki ya mvua kubwa iliyoharibu barabara na kuwachelewesha watoa dawa.

Vipimo hugawanywa kwa umri, wala si kwa kumpima kila mtoto uzito. Kuna makundi mawili tu. Mtoto wa miezi 3 hadi 11 hupewa pakiti ndogo, yenye kidonge kimoja cha SP cha miligramu 250 za sulfadoksini na 12.5 za pirimethamini, pamoja na vidonge vitatu vya amodiakwini vya miligramu 75 kila kimoja. Mtoto wa miezi 12 hadi 59 hupewa pakiti kubwa, yenye vidonge vinne kwa mpangilio uleule, ila kila kiasi ni maradufu: 500 na 25 kwa SP, 150 kwa amodiakwini. Zamani watoa dawa walikuwa wakikivunja kidonge kikubwa katikati kwa ajili ya watoto wachanga, na vipande havikulingana. Sasa pakiti hutengenezwa kwa kila kundi, na vidonge huyeyuka majini na kutiwa ladha tamu ili kuficha uchungu.

Umri ulichaguliwa kwa sababu ya mazingira ya kazi. Mtoa dawa anapita nyumba kwa nyumba na begi, maji, vikombe na daftari. Mizani ingemchelewesha na ingeharibika njiani. Lakini umri nao una taabu zake pale ambapo tarehe ya kuzaliwa haikuandikwa. Kadi ya chanjo ikiwapo, hiyo ndiyo huaminiwa. Isipokuwapo, mtoa dawa huuliza kwa matukio: alizaliwa kabla ya mavuno au baada yake, mwaka wa ukame mkali au ule uliofuata? Kosa la mwezi mmoja katikati ya kundi halina madhara. Hatari iko kwenye mipaka. Mtoto wa miezi minane anayeonekana mkubwa akipewa pakiti kubwa, amepewa amodiakwini maradufu. Dawa hii ikizidi inaweza kumfanya mtoto alegee sana, au akakaze shingo, ulimi na macho asiweze kuvirudisha mahali pake. Dalili hizo zikionekana, mtoto hapewi tena kidonge chochote, bali hupelekwa kituo cha afya mara moja pamoja na pakiti yake, ili mhudumu aone alichomeza.

Tuchukue mfano wa boma moja la wilaya ya Moroto, nililolitunga hapa kwa ajili ya maelezo. Humo wanaishi wake wenza wawili na watoto wanne: mchanga wa miezi miwili, binti wa miezi kumi, mvulana wa miaka mitatu, na kaka yao wa miaka saba. Mtoa dawa, ambaye ni jirani wa kijiji hichohicho aliyefunzwa kazi hiyo, anafika mwezi Mei.

Anaanza kwa maswali, kabla hata ya kufungua pakiti. Je, kuna mtoto mwenye homa leo? Kuna aliyepata dawa ya malaria katika wiki nne zilizopita? Kuna aliyewahi kuvimba au kutokwa na vipele baada ya kunywa dawa zenye salfa? Kuna anayekunywa kotrimoksazoli kila siku, ile ambayo wengi huiita Septrini? Swali hili la mwisho huulizwa kwa faragha, kwa kuwa wengi wanaokunywa dawa hiyo kila siku ni watoto wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kotrimoksazoli na SP ni za ukoo mmoja, na kuzichanganya huongeza hatari ya madhara makali ya ngozi na damu. Mtoto wa namna hiyo hapewi SP.

Mwezi Mei, mchanga wa miezi miwili haingii. Binti wa miezi kumi anapewa pakiti ndogo, mvulana wa miaka mitatu pakiti kubwa. Kaka wa miaka saba anaachwa, na mama yake haoni sababu, kwa kuwa naye huumwa malaria. Ukweli ni kwamba mtoto aliyekulia mahali penye malaria nyingi hujenga ukinzani kiasi baada ya kuugua mara kwa mara, na walio chini ya miaka mitano ndio wanaokufa zaidi. Kila nchi huamua wapi pa kukata. Senegali huwapa watoto hadi miaka kumi, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 haizilazimishi tena nchi kushika umri mmoja wala idadi moja ya raundi.

Sasa dawa yenyewe. Mtoa dawa anaweka kidonge cha SP na kimoja cha amodiakwini kwenye kikombe chenye maji safi kidogo, anakoroga mpaka viyeyuke, na mama anamnywesha mtoto mbele yake. Kisha anakaa. Nusu saa hii ya kukaa ni kazi, ingawa kwa mtu mwenye nyumba 40 za kupita huonekana kama kupoteza muda. Mtoto akitapika ndani ya dakika 30, anaachwa apumzike kama dakika kumi, kisha dozi inarudiwa. Akitapika tena, harudishiwi mara ya tatu. Anaandikwa na kuelekezwa kituoni. Mtoa dawa aliyeondoka baada ya dakika tano hujaza daftari kwamba mtoto amepewa dawa, kumbe dawa iko mchangani.

Vidonge viwili vya amodiakwini vilivyobaki huachiwa mama, kimoja cha kesho na kimoja cha keshokutwa. Kuanzia hapa mpango mzima unaondoka mikononi mwa serikali na kuingia mikononi mwa mama huyu, ambaye kesho ataamka alfajiri kwenda shamba, kuchota maji au kutafuta kuni. Akisahau asubuhi, ampe mtoto pale atakapokumbuka siku hiyohiyo. Asimpe viwili kwa pamoja ili kufidia.

Kinachovizuia vidonge hivi kunywewa mara nyingi si usahaulifu. Siku ya pili mtoto huwa mchovu, pengine ametapika usiku au anajikuna, na mama anaona dawa imemchukua vibaya. Hofu yake ina msingi, maana kutapika na kulegea ni madhara ya kawaida ya amodiakwini, na kwa kawaida huisha zenyewe. Akiwa hakuambiwa mapema, ni rahisi kuacha. Sababu nyingine ni akiba. Nyumba iliyo mbali na kituo cha afya inajua thamani ya kidonge cha malaria, na mama huona ni busara kukiweka kwa ajili ya siku ya homa, au kumpa yule kaka wa miaka saba ambaye hakupewa. Mimi siwezi kumwita mama huyo mzembe. Anatumia akili ileile iliyomlindia watoto hadi leo. Ila kidonge kimoja cha amodiakwini hakimponyi mtoto mwenye malaria, na kaka mkubwa akikinywa kinamwacha na dawa kidogo isiyotosha kuua vimelea, lakini inayotosha kuvizoeza. Mtoa dawa mzuri humweleza mama sababu hii moja kwa moja, badala ya kumwamuru tu.

Tukirudi bomani: mwezi Juni mchanga ametimiza miezi mitatu, kwa hiyo anaingia kwa mara ya kwanza, pakiti ndogo. Mwezi Julai binti aliyekuwa na miezi kumi ametimiza mwaka, na mtoa dawa anapaswa kulitambua hilo na kumhamishia pakiti kubwa. Makosa mengi ya raundi ya tatu na ya nne hutokea hapa, maana mtu hunakili kilichoandikwa mwezi uliopita bila kuhesabu upya.

Mwezi huohuo wa Julai, mvulana wa miaka mitatu ana mwili wa moto. Mtoa dawa hampi pakiti hata kama mama anamsihi. Anampeleka kupimwa kwa kipimo cha haraka, kile cha tone la damu ya kidoleni. Kipimo kinaonyesha malaria. Anapewa ALu, dawa mseto inayonywewa mara mbili kwa siku kwa siku tatu, na raundi ya Julai inampita. Hana cha kupoteza, kwa sababu ameshapata dawa kamili ya tiba. Agosti, ikiwa wiki nne zimetimia, anarudi kwenye foleni na wenzake.

Kuugua kwake Julai kunastahili kuulizwa. Je, alipata vidonge vyote vitatu mwezi Juni? Kadi ya mtoto ina vijisanduku vya siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mama hutia alama kila anapompa. Katika mfano wetu, pakiti ya Juni inapatikana imechomekwa kwenye paa la nyasi ikiwa na kidonge kimoja ndani. Hapo mtoa dawa amepata jibu, na amejua pia kwamba kinachohitaji kurekebishwa ni maelezo aliyoyatoa, wala si dawa. Lakini watoto wengi wa kijiji wakiugua ndani ya siku 28 huku pakiti zao zikiwa tupu, hiyo ni habari nyingine kabisa. Inabidi ipelekwe wilayani bila kungoja mwisho wa msimu, kwa sababu huenda dawa haikuhifadhiwa vizuri, au vimelea vimeanza kuishinda.

Wasiwasi huo wa usugu ndio uliochelewesha njia hii kufika Afrika Mashariki. Majaribio yaliyoifungulia mlango yalifanyika Senegali, Mali na Burkina Faso. Katika mbili za mwisho, mwaka 2008, watoto wote walikuwa na vyandarua, na bado waliopewa SP na amodiakwini waliugua malaria kidogo zaidi kwa asilimia 82 nchini Mali na asilimia 70 nchini Burkina Faso. Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza Machi 2012, liliiwekea mpaka wa Saheli. Huku kwetu mashariki vimelea vingi tayari vilikuwa vimebadilika kiasi cha kuizoea SP. Iliaminika kwamba bila SP nusu ya kinga haipo.

Karamoja ilitoa sababu ya kufikiri upya. Vimelea vya huko vina alama za usugu kwa SP, na hata hivyo watoto waliopewa dawa waliugua kwa nadra sana kuliko watoto wa wilaya ya jirani isiyokuwa na mpango. Maelezo yanayoeleweka ni kwamba amodiakwini inabeba sehemu kubwa ya mzigo. Uganda hutibu malaria kwa ALu, na mabadiliko yanayokisaidia kimelea kuistahimili lumefantrini, moja ya dawa mbili zilizomo ndani ya ALu, hukifanya kidhurike kwa urahisi zaidi na amodiakwini. Dawa hizi mbili zinavuta upande tofauti. Kwa hiyo mahali penye mpango huu, amodiakwini haipaswi kutumika tena katika tiba ya kawaida ya malaria. Ikitumika kukinga na kutibu kwa pamoja, kimelea kinachoishinda upande mmoja kitakuwa kimeishinda pande zote.

Kama amodiakwini ndiyo inayobeba mzigo, basi vile vidonge viwili vya nyumbani vina uzito zaidi Karamoja kuliko vilivyonavyo Mali. Huko mtoto aliyekosa siku ya pili na ya tatu bado ana SP inayofanya kazi. Moroto huenda amebaki na kidogo sana. Ningependa wanaopanga mafunzo ya watoa dawa upande huu wa bara wasinakili tu vitabu vya Saheli, bali waongeze muda wa ziara ya siku ya tatu, ambapo mtu hupita tena kuuliza na kuona pakiti.

Mnamo 2023 takriban watoto milioni 53 walifikiwa kwa wastani katika kila raundi barani Afrika, kutoka watoto wapatao laki mbili mwaka 2012. Miongoni mwao watakuwapo waliougua kati ya raundi moja na nyingine, kwa sababu kinga hii haijawahi kuwa ya asilimia mia. Mama akiona homa siku ya kumi baada ya dawa, asiseme si malaria kwa kuwa mtoto alikunywa vidonge, wala asimpe kidonge kilichobaki kwa jirani. Ampeleke mtoto akapimwe, na achukue ile kadi yenye vijisanduku vitatu, maana swali la kwanza atakaloulizwa ni tarehe aliyokunywa dawa na siku ngapi alizokamilisha.